Donge la Dola Bilioni na Tiketi ya Dola Mbili

Usiku wa Jumatano, tarehe 13 Januari 2016, katika mji wa Tallahassee, makao makuu ya jimbo la Florida nchini Marekani, mashine mbili za kuchanganya mipira zilitoa mipira mitano myeupe na mmoja mwekundu. Myeupe ilikuwa na nambari 4, 8, 19, 27 na 34. Mwekundu ulikuwa na nambari 10. Hiyo ilikuwa droo ya bahati nasibu iitwayo Powerball, na zawadi kuu iliyotangazwa ilikuwa dola bilioni 1.586. Kabla ya hapo hapakuwa na bahati nasibu nchini Marekani iliyowahi kufikisha dola bilioni moja.

Kwa droo hiyo moja ziliuzwa tiketi zaidi ya milioni 630, nazo tiketi moja iliuzwa dola mbili. Watu walipanga foleni madukani. Wengine ambao hawakuwa wamewahi kununua tiketi hata mara moja walinunua siku hiyo, kwa hoja ambayo hata wewe waweza kuiona kuwa ya busara: ikiwa bei ya tiketi haikupanda, na zawadi imekuwa kubwa mara arobaini, basi tiketi ya leo ni bora kuliko ya mwezi jana. Nakuomba tuipime hoja hiyo kwa hesabu na kwa historia, maana ukubwa wa donge lile haukuja kwa ajali. Ulikuwa umepangwa.

Tuanze na namna mchezo ulivyoundwa. Powerball ilianza mwezi Aprili 1992 katika majimbo machache ya Marekani. Mchezaji alichagua nambari tano kati ya 45, kisha nambari moja ya mpira mwekundu, nayo kati ya 45. Ukihesabu njia zote za kuchagua namna hiyo, utapata 54,979,155. Tiketi moja, basi, ilikuwa na nafasi moja kati ya milioni 55 hivi ya kupata zawadi kuu.

Nambari za aina hiyo ni rahisi kuzitamka kuliko kuzielewa, kwa hiyo tutumie mahindi. Punje moja ya mahindi ina uzito wa takriban theluthi ya gramu, hivyo gunia la kilo 100 lina punje kama 300,000. Chukua punje moja, ipake rangi, uitumbukize katika magunia 183, uyachanganye yote, kisha mtu aliyefungwa kitambaa machoni achote punje moja tu. Hiyo ndiyo nafasi ya mchezaji wa mwaka 1992.

Miaka ilivyopita, waendeshaji wa mchezo waliibadilisha idadi ya mipira mara kadhaa, na mara nyingi mabadiliko yaliongeza magunia. Mwaka 2012 waliyapunguza kidogo, njia zikawa 175,223,510, lakini bei ya tiketi ilipandishwa siku hiyohiyo kutoka dola moja hadi mbili. Kisha mwezi Oktoba 2015, miezi mitatu tu kabla ya usiku ule wa Tallahassee, yalikuja mabadiliko makubwa: mipira myeupe ikaongezwa kutoka 59 hadi 69, na myekundu ikapunguzwa kutoka 35 hadi 26. Njia zote zikawa 292,201,338. Magunia yetu sasa yanakaribia 1,000, na punje iliyopakwa rangi bado ni ileile moja.

Huenda ukauliza ni mfanyabiashara gani anayefanya bidhaa yake kuwa mbaya zaidi ili auze zaidi. Jibu liko katika kulimbikizwa kwa zawadi. Katika bahati nasibu ya namna hii, asipopatikana mshindi wa zawadi kuu, fedha hazirudi kwa wanunuzi. Huvushwa hadi droo inayofuata na kuongezewa sehemu ya mauzo mapya. Kadiri ushindi unavyokuwa mgumu, ndivyo zawadi inavyovushwa mara nyingi zaidi, na ndivyo donge linavyonona. Waendeshaji walikuwa wamegundua kwamba watu huzoea: donge ambalo zamani liliwatoa majumbani, baadaye halimshtui mtu. Wao wenyewe huiita hali hiyo uchovu wa zawadi kubwa. Dawa waliyoichagua ilikuwa kufanya ushindi uwe wa nadra zaidi, ili donge likue hadi liingie katika taarifa ya habari.

Kuna jambo moja la werevu katika mabadiliko hayo ya 2015. Zawadi ndogo kuliko zote, dola nne, hupatikana kwa kubahatisha mpira mwekundu peke yake. Kwa kuwa mipira myekundu ilipungua, nafasi ya kupata zawadi yoyote ile iliboreka: kutoka moja kati ya 32 hivi hadi moja kati ya 25 hivi. Kwa hiyo tangazo liliweza kusema, bila uongo wowote, kwamba sasa ni rahisi zaidi kushinda. Halikulazimika kusema kushinda nini.

Matokeo yalionekana upesi. Mwanzoni mwa Novemba 2015 zawadi kuu ilianza upya kwa dola milioni 40. Droo baada ya droo ilipita bila mshindi wa zawadi kuu. Jumamosi, tarehe 9 Januari, donge lilikuwa karibu dola milioni 950, na tiketi zaidi ya milioni 440 ziliuzwa, hakupatikana mshindi. Siku nne baadaye ndipo likafika bilioni 1.586.

Sasa tuipime tiketi ya tarehe 13. Njia ya kwanza inayomjia mtu kichwani ni kugawa zawadi kwa idadi ya njia: dola milioni 1,586 kwa milioni 292. Jibu ni dola 5.43. Yaani, kwa wastani, kila tiketi ya dola mbili ingekuwa na thamani ya zaidi ya dola tano! Kwa hesabu hiyo, mtu asiyenunua ndiye angekuwa mjinga. Wako watu wasomi waliotoa hoja hiyo siku zile, nayo ina makosa matatu.

Kosa la kwanza ni kuamini kwamba bilioni 1.586 zilikuwapo. Hazikuwapo. Kiasi hicho ni jumla ya malipo 30 ambayo mshindi angepokea kidogo kidogo katika muda wa miaka 29. Fedha zilizokuwapo kweli, ambazo mshindi angeweza kuzichukua mara moja, zilikuwa dola milioni 983.5. Gawa hizo kwa milioni 292, thamani ya tiketi inashuka hadi dola 3.37. Bado ni zaidi ya dola mbili. Bado hoja ya wanafoleni inasimama.

Kosa la pili ndilo kubwa, nami naomba utulie nalo. Hesabu ya hapo juu inadhani kwamba ukishinda, unashinda peke yako. Lakini zawadi kuu hugawanywa sawasawa kwa wote waliopata nambari zote sita. Na donge lililokuvuta wewe dukani limewavuta na wengine. Tiketi milioni 635 hivi ziligombea njia milioni 292. Kwa wastani kila mpangilio wa nambari ulikuwa umenunuliwa zaidi ya mara mbili.

Fikiria manyunyu ya mvua yakianguka juu ya sakafu ya vigae. Hata matone yakiwa mara mbili ya idadi ya vigae, hayajipangi mawili mawili kwa adabu. Kigae kimoja hupata matano, kingine moja, na vingine hubaki vikavu. Tukichukulia kwamba nambari zilichaguliwa bila mpango, basi katika mauzo ya tarehe 13 vigae vilivyobaki vikavu vilikuwa kama asilimia 11. Ndiyo kusema kulikuwa na nafasi ya asilimia 11 kwamba hata usiku ule asingepatikana mshindi. Kwa mauzo ya tarehe 9, nafasi hiyo ilikuwa kama asilimia 22, na ndivyo ilivyotokea: mpira ulidondokea kigae kikavu.

Sasa unaweza kuifanya hesabu ya kugawana kwa njia nyepesi kabisa, bila kanuni ngumu. Mfuko wa dola milioni 983.5 ungelipwa mara moja tu, iwe kwa mtu mmoja au kwa kumi. Kwa hiyo ugawe kwa tiketi zote zilizouzwa, si kwa njia zote zinazowezekana. Milioni 983.5 kwa tiketi milioni 635 ni dola 1.55 kwa tiketi. Kisha ondoa ile nafasi ya asilimia 11 kwamba mfuko usingelipwa kabisa usiku huo, ubaki na dola 1.37. Thamani iliyokuwa juu ya bei ya tiketi imeshuka chini yake, na kilichoishusha si kingine ila wingi wa wanunuzi.

Neno nasibu limetujia kutoka Kiarabu, ambako nasib ni fungu la mtu, sehemu inayomwangukia. Naona asili hiyo inafaa hapa kuliko tafsiri ya bahati peke yake, kwa sababu swali halisi la mnunuzi ni fungu lake litakuwa kiasi gani.

Kosa la tatu ni kodi. Mwaka 2016 kiwango cha juu cha kodi ya mapato ya serikali kuu ya Marekani kilikuwa asilimia 39.6, na mshindi wa mamilioni ya dola hulipa kiwango hicho kwa karibu kila dola aliyoshinda. Katika ile dola 1.37 hubaki senti 83. Tuongeze zawadi zote ndogo, kuanzia ile ya dola nne hadi ile ya dola milioni moja: zote kwa pamoja zina thamani ya senti 32 kwa tiketi. Jumla ni dola 1.15. Mnunuzi alitoa dola mbili akapokea, kwa wastani, bidhaa ya dola moja na senti kumi na tano.

Neno wastani lisikupotoshe. Hakuna mtu aliyepata dola 1.15. Ishirini na nne katika kila watu ishirini na watano hawakupata chochote, na wengi wa waliosalia walipata dola nne.

Haki ya hesabu inanidai niseme pia upande wa pili. Tiketi ya Januari ilikuwa na thamani zaidi kuliko ya mwanzo wa Novemba. Donge likiwa dola milioni 40, zawadi kuu inaichangia tiketi senti chache tu, na ukijumlisha zile zawadi ndogo unapata senti 40 au pungufu. Kutoka senti 40 hadi dola 1.15 ni ongezeko. Lakini donge lilikua mara arobaini, na thamani ilikua kama mara tatu tu. Tazama pia hatua ya mwisho peke yake: kati ya Jumamosi na Jumatano tangazo liliongezeka dola milioni 636, na thamani ya tiketi, ukishatoa kodi, ilipanda kutoka kama senti 95 hadi dola 1.15. Senti ishirini!

Je, kama wanunuzi wangeongezeka tena, thamani ingeendelea kupanda walau kidogo? Hapana, ingeshuka. Nusu tu ya mauzo ya Powerball hurudi kwa wachezaji kama zawadi. Katika tiketi ya dola mbili, dola moja huenda kwa majimbo, wauza duka na uendeshaji. Senti 32 huenda kwenye zawadi ndogo. Senti 68 hivi huingia katika zawadi kuu. Kila mnunuzi mpya, basi, analeta senti 68 mezani na kudai fungu sawa na lako katika mfuko ambao, kabla yake, ulikuwa na dola 1.55 kwa kila tiketi. Ziada iliyozidi zile senti 68 ni fedha zilizoachwa na walioshindwa tangu Novemba, nazo haziongezeki. Zinagawanywa tu kwa vinywa vingi zaidi. Tuseme zingeuzwa tiketi nyingine milioni 600. Mfuko ungefika kama dola milioni 1,390, gazeti lingeandika kichwa kikubwa zaidi, na zawadi kuu ingeichangia tiketi dola 1.11 kabla ya kodi, badala ya 1.37. Hapa ndipo bahati nasibu inapotofautiana na upatu. Katika upatu, mwanachama mpya huleta kiasi kilekile anachokuja kuchukua.

Usiku ule wa Tallahassee ulileta tiketi tatu zenye nambari zote: moja ya Kalifonia, moja ya Florida, moja ya Tenesii. Kila moja ilikuwa na haki ya dola milioni 327.8 taslimu. Kwa bahati yao majimbo yote matatu hayatozi kodi yake yenyewe juu ya ushindi wa namna hiyo, ingawa ile ya serikali kuu haikukwepeka. Ni fedha nyingi mno, bila shaka. Lakini kila mmoja wao alikuwa ameshinda zawadi iliyotangazwa kuwa dola milioni 1,586.

Kama unadhani kugawana ni hatari ya vitabuni tu, sikiliza kilichotokea Ayalandi mwaka 1992. Bahati nasibu ya taifa hilo ilikuwa ndogo: nambari sita kati ya 36, yaani njia 1,947,792 tu, na kila chaguo lilikuwa na bei ya nusu pauni. Mtu yeyote mwenye penseli aliweza kuona kwamba kununua njia zote kungegharimu pauni 973,896. Mwezi Mei, katika wikiendi ya sikukuu, zawadi kuu ilikuwa imelimbikizwa hadi pauni milioni 1.7. Kundi la watu 28, likiongozwa na mhasibu wa Dablini aitwaye Stefan Klincewicz, lilikuwa limetumia miezi mingi kujaza fomu kwa mkono. Walizipeleka kwenye maduka mengi nchini. Waendeshaji walipoona mauzo yasiyo ya kawaida walijaribu kuwazuia, lakini kundi lilifanikiwa kununua zaidi ya asilimia 80 ya njia zote.

Nambari zilizotoka zilikuwamo katika tiketi zao. Walikuwa wameshinda! Kisha ikajulikana kwamba tiketi nyingine mbili, za watu wasio wa kundi hilo, zilikuwa na nambari zilezile. Zawadi kuu ikakatwa mafungu matatu, na fungu la kundi likawa kama pauni 568,000. Walikuwa wametumia pauni 820,000 hivi. Kwa zawadi kuu peke yake, watu walionunua karibu bahati nasibu nzima na kuipata nambari sahihi walikuwa wamepata hasara. Kilichowaokoa ni zawadi ndogo, ambazo tiketi zao nyingi zilizikusanya kwa maelfu. Wikiendi hiyo kulikuwa na zawadi maalumu ya pauni 100 kwa aliyepata nambari nne. Walimaliza na faida, lakini ndogo kuliko walivyotarajia kwa kazi ya miezi.

Waendeshaji wa Ayalandi walijifunza upesi. Mwaka huohuo waliongeza nambari kutoka 36 hadi 39, njia zikawa 3,262,623, na mwaka 1994 wakafika 42. Mwishoni mwa mwaka huo 1994 jirani yao Uingereza alianzisha bahati nasibu yake ya taifa kwa nambari 49, njia karibu milioni 14. Na mwezi uleule wa Oktoba 2015 ambao Powerball iliongeza mipira, Uingereza nayo ilipanda kutoka 49 hadi 59, njia zikawa zaidi ya milioni 45. Donge la Uingereza lilianza kulimbikizwa vilevile, hata Jumamosi ya tarehe 9 Januari 2016, siku ileile ambayo Powerball ilikosa mshindi, zawadi kuu ya Uingereza ilifika pauni milioni 66, ambayo ilikuwa rekodi ya mchezo huo. Ilikwenda kwa tiketi mbili, pauni milioni 33 kila moja.

Rekodi ya Tallahassee ilivunjwa Novemba 2022. Powerball ileile, kwa mipira ileile 69 na 26, ilitangaza zawadi kuu ya dola bilioni 2.04, na safari hii tiketi moja tu ya Kalifonia ndiyo iliyoshinda. Ukisikia bilioni 2.04 baada ya bilioni 1.586, utadhani mfuko ulikuwa umekua kwa karibu theluthi. Lakini kati ya miaka hiyo viwango vya riba nchini Marekani vilikuwa vimepanda, na riba ikipanda, kiasi kilekile cha fedha kinaweza kuahidi malipo makubwa zaidi katika miaka 29 ijayo. Fedha taslimu za mwaka 2016 zilikuwa dola milioni 983.5. Za mwaka 2022 zilikuwa milioni 997.6.